Lifti imezima: tangazo la kumwambia mgeni apite wapi na asubiri hadi lini

*Swali: Hoteli yetu ina ghorofa sita na lifti mbili. Kubwa iko mbele ya mapokezi, ndogo iko nyuma karibu na ukumbi wa mikutano na inaishia ghorofa ya 4. Juzi ile kubwa ilizima. Tukabandika karatasi: "LIFTI NI MBOVU. INASHUGHULIKIWA. TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU." Kutwa nzima simu ya mapokezi haikunyamaza, na wageni walikasirishwa na ile karatasi kuliko lifti yenyewe. Fundi naye hatupi muda kamili. Tangazo la namna hii linaandikwaje?*

Karatasi yenu ilimwambia mgeni jambo ambalo alikwisha kuliona. Amebonyeza kitufe, taa haikuwaka, mlango haukufunguka. Anachotaka kujua ni apite wapi sasa hivi, nani atamsaidia akishindwa kupita huko, na hali hii itakwisha lini. Hakuna hata moja kati ya hayo kwenye karatasi, na ndiyo maana kila mmoja alilazimika kupiga simu. Lifti yenu ya pili ilikuwa inafanya kazi siku nzima, lakini naamini nusu ya waliopanda kwa miguu hawakujua kuwa ipo.

Kabla ya kushika kalamu, mtu mmoja aipite njia mbadala kwa miguu, akivuta sanduku la magurudumu kutoka mlango mkuu hadi ghorofa ya 6. Hii si kazi ya kufanya kwa kichwa. Mfanyakazi wa hoteli anaijua njia hiyo kiasi kwamba haoni tena vizuizi vyake: mlango wa katikati unaofungwa ukumbi unapokuwa na mkutano, vidato vitatu kwenye korido, kona isiyo na kibao. Akifika kwenye ngazi ajaribu kila mlango kwa upande wa ndani. Milango mingi ya ngazi za dharura hufunguka ukiwa unatoka kwenye korido, lakini ukiwa ndani ya ngazi haikurudishi kwenye ghorofa. Inakupeleka moja kwa moja nje ya jengo. Mkimwelekeza mgeni huko naye akataka kuingia ghorofa ya 5, atajikuta amefungiwa kwenye ngazi na mizigo yake. Jambo hilo lijulikane kabla tangazo halijaandikwa. Kama milango iko hivyo, chagueni ngazi nyingine au mweke mhudumu pale.

Na kama mnayo lifti ya mizigo jikoni, msiiandike kama njia mbadala mpaka mhakikishe imeidhinishwa kubeba watu. Nyingine zimetengenezwa kwa mizigo tu, na hazina ulinzi ambao lifti ya abiria lazima iwe nao.

Tuseme basi mtu wenu amerudi na maelezo haya: kutoka mapokezi unapita mgahawa kwa kushoto, unafuata korido hadi mwisho, lifti ndogo iko mkono wa kulia, mwendo wa dakika moja hivi. Inafika ghorofa ya 4. Mkabala wake kuna ngazi pana, vidato 20 kwa kila ghorofa, na milango inafunguka pande zote. Tuseme pia lifti kubwa ilizima saa 1:20 asubuhi, na fundi amesema kwenye simu kuwa atafika saa 3. Tangazo la kwanza linaweza kuwa hivi:

> Lifti hii haifanyi kazi. Tumia lifti iliyo karibu na ukumbi wa mikutano.
>
> Kutoka mapokezi: pita mgahawa kwa kushoto, fuata korido hadi mwisho. Lifti iko kulia. Ni mwendo wa dakika moja.
>
> Lifti hiyo inafika ghorofa ya 4. Kwenda ya 5 na ya 6, panda ngazi zilizo mkabala nayo (vidato 20 kwa kila ghorofa).
>
> Ukihitaji kubebewa mizigo, au kama huwezi kupanda ngazi, piga 0 kwenye simu ya chumbani au mwambie mhudumu yeyote.
>
> Fundi anafika saa 3:00 asubuhi (09:00). Taarifa mpya itabandikwa hapa saa 3:45 asubuhi (09:45).
>
> Imeandikwa Jumanne tarehe 12, saa 1:40 asubuhi (07:40). Samahani kwa usumbufu.

Tazama mstari wa kwanza. Hitilafu na njia mbadala vimekaa pamoja, kwa sababu wapo watakaosoma mstari huo tu na kuondoka. Neno "hii" nalo lina kazi. Ukiandika "lifti haifanyi kazi" kwenye jengo lenye lifti mbili, mgeni ataamini zote zimekufa. Kwenye tangazo la mlango mkuu, ambako hakuna lifti ya kuonyesha kwa kidole, andika "lifti ya mapokezi".

Idadi ya vidato imewekwa kwa makusudi. Mgeni wa ghorofa ya 6 mwenye goti bovu akisoma "panda ngazi" hajui anaambiwa nini. Akisoma vidato 20 kwa kila ghorofa, anajua ni 40, na anaweza kuamua mwenyewe kama atajaribu au atapiga 0. Ghorofa nazo ziandikwe kwa namba zilezile zilizo kwenye vitufe vya lifti. Kuna wanaohesabu ghorofa ya chini kuwa ya kwanza na kuna wanaoanza kuhesabu juu yake, na mgeni atafuata mazoea ya kwao isipokuwa kama namba yako inafanana na anayoiona mbele yake.

Sasa tuje kwenye muda, ambako matangazo mengi huharibikia.

Kwanza, saa iandikwe kwa namna ambayo haiwezi kusomwa mara mbili. "Lifti itakuwa tayari baada ya saa 2" ina maana mbili kamili: baada ya muda wa saa mbili, au baada ya saa mbili asubuhi au usiku. Anayesoma hajui, na wala hajui kuwa hajui. Atachagua maana moja na kuishikilia. Kwa hiyo usiandike urefu wa muda hata siku moja. Muda unaohesabiwa una kasoro nyingine pia: ukisema "baada ya dakika 90", dakika hizo zinaanza lini, ulipoandika au anaposoma? Andika saa ya ukutani, taja asubuhi, alasiri, jioni au usiku, na kwenye mabano weka saa ya tarakimu nne. Mabano hayo yanamsaidia mgeni asiyehesabu saa kwa Kiswahili, na yanamzuia mtu wa zamu atakayelitafsiri tangazo asiigeuze saa 10 jioni kuwa 10:00, yaani saa 4 asubuhi. Kosa hilo la tafsiri hutokea sana, na likitokea wageni wa lugha moja wanasimama mbele ya lifti saa sita kabla ya wenzao.

Siku nazo ni hivyohivyo. "Kesho" inachakaa usiku ukipita, karatasi ikiwa bado ukutani. Na "usiku wa Ijumaa" wengine wanauelewa kuwa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, wengine ni ule unaoufuata. Andika jina la siku na tarehe, na kwa saa za usiku taja saa yenyewe.

Pili, kuna kutojua muda. Umesema fundi hatoi muda kamili, na sishangai. Kwenye simu hawezi kujua. Matatizo mengi ya lifti huwa kwenye milango: uchafu kwenye reli ya chini, kihisi kinachodhani kuna mtu katikati, mkanda wa mota ya mlango uliolegea. Hayo mara nyingi humalizwa fundi akiwa palepale. Lakini dalili ileile, lifti iliyosimama na mlango uliofungwa, inaweza kutoka kwenye bodi ya mitambo ya kuongozea iliyoungua baada ya umeme kurukaruka, na hapo kazi inageuka kuwa kusubiri kipuri. Kumlazimisha aseme saa kabla hajafungua chumba cha mitambo ni kumlazimisha akisie, na kisio lake mkilibandika linakuwa ahadi yenu.

Muulizeni maswali anayoweza kuyajibu. Kabla hajafika: utafika saa ngapi? Akishaikagua: umeona tatizo? Kipuri unacho, au kinatoka wapi na kinafika lini? Kikishafungwa, majaribio yanachukua muda gani, na kuna mkaguzi anayetakiwa kuipitisha kabla abiria hawajaruhusiwa? Swali hili la mwisho husahaulika, na ndilo linaloongeza nusu siku ambayo hakuna aliyeitangaza. Akijibu kwa mapana, mathalani "kati ya saa 8 na saa 11 jioni", bandikeni saa 11. Lifti ikiamka saa 9 hakuna atakayelalamika.

Na pale ambapo jibu halipo kabisa, bado mnayo saa moja mnayoimiliki wenyewe: saa ya taarifa inayofuata. Hiyo haimtegemei fundi wala kipuri. Mgeni aliyeambiwa kuwa saa 3:45 kutakuwa na taarifa mpya anaweza kwenda kunywa chai. Aliyeambiwa "inashughulikiwa" atarudi kuuliza kila nusu saa. Sharti ni moja: saa 3:45 ikifika, karatasi ibadilishwe hata kama hakuna jipya. Andikeni "Saa 3:45: fundi bado anakagua, taarifa inayofuata ni saa 5:00 asubuhi (11:00)". Mkiipitisha bila neno, hakuna atakayeamini saa nyingine yoyote mtakayoandika siku hiyo. Mimi humkabidhi mtu mmoja wa zamu kazi hiyo kwa jina lake, na kengele kwenye simu yake. "Mapokezi watabadilisha" maana yake ni hakuna atakayebadilisha.

Tuendelee na mfano wetu. Fundi amefika saa 3, na saa 3:30 amewaambia kuwa mkanda wa mota ya mlango umekatika, hana wa saizi hiyo, utaletwa kesho asubuhi, kuufunga na kujaribu ni kazi ya kama saa tatu. Mkihesabu kuwa mkanda utafika saa 4 asubuhi, kazi inaisha saa 7 mchana. Wekeni nafasi ya kuchelewa. Sehemu ya juu ya tangazo inabaki ilivyo, na mistari ya muda inakuwa:

> Tatizo liko kwenye mlango wa lifti. Kipuri kinafika kesho, Jumatano tarehe 13, asubuhi. Tunatarajia lifti ifanye kazi Jumatano tarehe 13 saa 9:00 alasiri (15:00).
>
> Taarifa inayofuata itabandikwa hapa Jumatano saa 5:00 asubuhi (11:00), kipuri kikishafika au kisipofika.

"Kesho" imeruhusiwa hapo kwa sababu tu tarehe imeifuata. Na "tunatarajia" ni neno la kweli. Usiweke "itakuwa tayari" mpaka fundi awe anafunga mkoba wake. Lakini msiliweke "tunatarajia" kila mahali. Saa ya taarifa inayofuata ni ahadi yenu wenyewe, na ahadi haitarajiwi.

Kuhusu kutaja chanzo, sentensi moja ya lugha ya kawaida inatosha. "Tatizo liko kwenye mlango" inamtuliza mtu aliyekuwa anadhani kamba imekatika. Maelezo marefu ya mitambo hayamsaidii yeyote, na maneno kama breki au kamba, hata yakiwa sahihi, yatawafanya wageni waikwepe lifti hata ikishapona. Msijifiche pia nyuma ya "matengenezo ya kawaida". Mgeni aliyeipanda jana usiku ikitoa mlio anajua si ya kawaida, na aliyekwama ndani yake dakika ishirini anajua zaidi. "Matengenezo" ni neno la kazi iliyopangwa, na kazi iliyopangwa hutangazwa kabla, siyo baada ya lifti kusimama.

Radhi iombwe mara moja, chini kabisa, kwa maneno machache. Ikianza juu inakalia nafasi ya njia mbadala. "Tunasikitika sana kuwatangazia wageni wetu wapendwa kwamba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu" ni mstari mzima, na mgeni bado amesimama na sanduku lake.

Kuna wageni ambao tangazo zuri kabisa halitawafaa. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu akiwa ghorofa ya 5, ngazi si njia mbadala, hata ziwe vidato vinne. Kwa asiyeona, karatasi ni ukuta tu. Hao msiwasubiri wasome. Lifti ikizima, chukueni orodha ya vyumba vya ghorofa ya 5 na ya 6, wapigieni simu wale mnaojua wana shida ya kutembea, wazee na wenye watoto wachanga, na muwape la kuchagua: chumba kwenye ghorofa ambayo lifti ndogo inafika, na watu wa kuwahamishia vitu, chakula kupelekwa chumbani bila malipo ya ziada, au wakiwa nje, mahali pa kukaa chini mpaka chumba kingine kiandaliwe. Maamuzi hayo yafanywe na meneja wa zamu kabla tangazo halijabandikwa, kwa sababu mstari wa "kama huwezi kupanda ngazi, piga 0" ni mtego ikiwa anayepokea 0 hajui la kusema. Mpeni karatasi yake ndogo: vyumba vilivyo wazi ghorofa ya 4 na chini yake, jina la mhudumu wa mizigo aliye zamu, na saa ya taarifa inayofuata. Aseme maneno yaleyale yaliyo ukutani. Mapokezi wakisema saa 9 na karatasi ikisema saa 11, mgeni atawabana kwa saa 9.

Tangazo libandikwe kila ghorofa, siyo chini peke yake. Mgeni wa ghorofa ya 6 anakutana na lifti iliyokufa akiwa juu, na kwake maelekezo ya "kutoka mapokezi" hayana maana; karatasi ya kila ghorofa ianze pale alipo: "Shuka kwa ngazi zilizo mwisho wa korido hadi ghorofa ya 4, lifti iko mkabala." Ndiyo, ni karatasi zaidi ya moja, na ndiyo kazi yenyewe. Ziweke ukutani kando ya kitufe, siyo kwenye mlango unaoteleza, maana fundi akiufungua karatasi itavutwa ndani au kuchanika. Kimo cha macho ya mtu aliyesimama kinamkosesha aliyekaa kwenye kiti, kwa hiyo katikati ya karatasi iwe kama sentimita 130 kutoka sakafuni. Herufi za mstari wa kwanza ziwe na urefu wa karibu sentimita 2, zisomeke kutoka hatua tatu nne. Msiandike zote kwa herufi kubwa kama mlivyofanya. Aya nzima ya herufi kubwa inasomeka polepole na inasikika kama kufokewa. Nakala moja iwe mlango mkuu, ambako mgeni bado yuko na mhudumu wa mizigo na anaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye korido sahihi.

Jambo moja la usalama hapa. Karatasi haizuii kitu. Lifti yenye hitilafu izimwe na fundi au mtu aliyefundishwa, milango ya ghorofa zote iwe imefungwa. Kama mlango wa ghorofa yoyote umebaki wazi au unasukumika, pawekwe kizuizi imara na mtu wa kusimama hapo mpaka fundi aje. Nimeona vibao vya "haifanyi kazi" vikining'inia kwenye lifti iliyokuwa bado inaitika mara moja moja, na watu wakaipanda kwa sababu ilikuja.

Kwa bwawa, sauna au chumba cha mazoezi kilichofungwa, umbo ni lilelile ila uzito unahama. Lifti humpeleka mgeni mahali anapolazimika kufika. Bwawa ni kitu alichokitarajia na pengine alichokilipia. Hivyo njia mbadala ikaguliwe kwa masharti yake. Mkiandika "tumia bwawa la hoteli jirani", mgeni atauliza linafunguliwa saa ngapi, anaonyesha nini mlangoni, analipa nani, taulo anatoa wapi, watoto wanaruhusiwa. Yajibuni kwenye karatasi, au msiitaje. Na kama hakuna mbadala, semeni wazi kuwa hakuna, halafu mtaje saa ya kufunguliwa. Kwa bwawa muda hutegemea maji yapimwe na yakubali. Andikeni saa ya kipimo kinachofuata kama mlivyoandika saa ya taarifa ya lifti. Wanaofika keshokutwa waandikiwe ujumbe kabla hawajaondoka kwao, hasa kama huduma hiyo ilikuwa kwenye maelezo ya chumba walichokichagua.

Kuondoa tangazo kuna utaratibu wake. Lifti ikianza kutembea bado si yenu. Fundi anaipandisha na kuishusha tupu, anajaribu milango kila ghorofa, kisha anawakabidhi. Karatasi zitoke baada ya makabidhiano hayo, na zitoke zote, pamoja na ile ya ghorofa ya 3 ambayo kila mtu anaisahau. Aliyezibandika awe na orodha ya mahali zilipo. Wale mliowahamisha vyumba wapigiwe simu waulizwe kama wanataka kurudi au kubaki, na mapokezi waambiwe saa hiyohiyo, kwani mtu wa zamu ya jioni anayeendelea kuwaelekeza wageni korido ya nyuma atakuwa anafanya hivyo kwa sababu hakuna aliyemwambia.